Shada la vifuu lililofungwa kwa mafundo

Mapambo mengi ya majani na maganda ya mbegu huharibikia sandukuni, sherehe ikishapita. Wadudu huyatoboa, ukungu huyashika, au gundi huachia yenyewe. Kwa hiyo anayetaka pambo la Idi hii na ijayo, na pengine la harusi katikati, afikirie kwanza ile miezi ambayo halitatundikwa. Shada ninalolichambua hapa ni la kupita juu ya mlango, lina urefu wa mita mbili: vipande tisa vya vifuu, maganda sita ya mkrismasi, majani ya mfenesi na mabaki ya kanga kutoka kwa fundi cherehani.

Kifuu ndicho kinachotaka kazi zaidi. Hata baada ya nazi kukunwa vizuri kwenye mbuzi, ndani hubaki utando mwembamba wa kahawia wenye mafuta. Huo ndio unaoita sisimizi na ukungu. Loweka vifuu usiku kucha, kwangua utando kwa kisu butu, kisha uvianike kivulini mpaka vikauke kabisa, maana jua kali huweza kupasua kifuu kibichi. Kabla ya kuendelea, sugua upande wa ndani kwa karatasi ya gazeti. Ikiacha doa la mafuta, rudia kukwangua. Nje, ondoa nyuzi za makumbi kwa msasa namba 80, umalizie na 240. Tundu litobolewe kwa drili taratibu, kipande kikiwa kimeegemezwa kwenye ubao, na liwe mbali kidogo na ukingo. Tundu la ukingoni ndilo linalomeguka shada likivutwa.

Wengi hung'arisha kifuu kwa mafuta ya nazi kwa kuwa yako jikoni. Siyashauri kwa pambo la kuhifadhiwa. Mafuta hayo hayagandi yakawa ngozi ngumu. Hubaki yakinasa vumbi na kuchafua kanga iliyo karibu. Nta ya nyuki ikisuguliwa kwa kitambaa, au mkono mmoja mwembamba wa vanishi, hukaa vizuri zaidi.

Maganda ya mkrismasi yanaonekana magumu kama mbao, lakini mbegu zake mara nyingi huwa na mbawakawa wadogo walioingia ganda likiwa bado mtini. Dalili ni vitundu vya duara vyenye ukubwa wa kichwa cha pini na unga laini chini yake. Fukuto la jua pekee haliaminiki. Funga maganda makavu ndani ya mfuko wa plastiki, uyaweke kwenye friza kwa wiki moja, na ukiyatoa usiufungue mfuko mpaka yarudi kwenye joto la chumba, la sivyo umande utayalowesha. Ukipenda kuongeza mbegu za rangi, ziache zile nyekundu zenye jicho jeusi za mturituri. Zina sumu kali, na zikitobolewa huwa hatari zaidi kwa mtoto atakayezitia kinywani.

Majani yana siri yake. Jani lililojikaukia chini ya mti huvunjika likikunjwa, na hakuna dawa ya kulirudisha. Chuma jani lililokomaa likiwa bado bichi. Changanya kikombe kimoja cha glisirini, ile ya kupaka ngozi, na vikombe viwili vya maji ya moto, ulizamishe jani humo kwa kulikandamiza na sahani. Baada ya wiki mbili hivi litakuwa limegeuka kahawia mpaka kwenye kikonyo na kupindika bila kulia. Kasoro yake ni kwamba glisirini huvuta unyevu wa hewa. Huku pwani wakati wa masika jani hutoka jasho, na lazima lifutwe.

Katika kuunganisha, nguo ndiyo imeshika kila kitu. Kanga ifuliwe kwanza ili dondo itoke na rangi inayochuja ijulikane mapema. Vipande vikatwe mshazari, kwa sababu ukikata kwa kufuata uzi kingo huchambuka haraka. Kila kifuu na kila ganda limefungwa kwa fundo lake, bila gundi popote. Gundi ya moto hulainika shada likikaa dirishani penye jua au kwenye stoo ya bati, na ikishatumika, ganda moja bovu huwezi kulitoa bila kubomoa la pili. Kwa mafundo, nguo hufunguliwa ikafuliwa peke yake.

Lihifadhi kwenye boksi la karatasi, magazeti yakitenga majani na nguo, wala si kwenye mfuko uliofungwa. Na kabla ya kulitundika tena, likung'ute juu ya karatasi nyeupe. Ukiona unga, fungua fundo la ganda hilo, ulirudishe kwenye friza kabla halijaambukiza mengine.