Kukata si kukatiza: epizodi zetu za Butembo na Beni zinaishia wapi?

Jumapili iliyopita tulikuwa watu sita kwenye telefone moja, hapa Butembo, tunaangalia epizodi ya tatu ya seri fulani ya vijana wetu. Sitaitaja jina, juu kosa lake si la kwao peke yao. Dakika ya saba, binti anaangalia mlango, macho yanafunguka, anapiga kelele: "Weye?!" Muziki, picha inasimama, "Itaendelea". Binamu yangu akasema: "Aa, bo wametukatia tena." Kisha akaomba tuweke mpira. Wiki ilipita na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nani alikuwa mlangoni.

Njo pale shida iko. Mwandishi alifikiri anatuachia hamu, kumbe ametunyima tu habari. Tulikuwa hatujui nani anaweza kuja, wala binti anaogopa nini, wala atapoteza kitu gani. "Weye" angeweza kuwa baba, mwenye deni, ao jirani anayeomba chumvi. Mtu hangojei jibu la swali ambalo hajalielewa.

Desturi hii tuliirithi kwa sehemu kutoka filme za Bongo za wakati wa VCD, zilipouzwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Hadithi moja iligawanywa katikati ili kuwe na diski mbili za kuuza. Mnunuzi alirudi dukani juu hadithi haikuisha, na alikuwa amekwisha kutoa pesa. Sisi leo hatuuzi diski. Mtazamaji wetu analipa kwa mega zake, na anaweza kutuacha bila kusema kwaheri. Kwa hiyo lazima arudi kwa sababu ya mtu fulani ndani ya hadithi.

Acha nichukue mfano niutengeneze mbele yenu. Kahindo anauza vitenge sokoni, na anatunza pesa za likirimba ya wamama: dola 520. Kesho asubuhi zinapaswa kwenda kwa Mama Kavira, ambaye mtoto wake anangoja operesheni. Kambale, kaka ya Kahindo, iko Kasindi na mizigo kutoka Kampala. Anatuma mesaji: mizigo imezuiwa duane, inaomba dola 400 mbele ya saa kumi, la sivyo inabaki pale mpaka wiki ijayo.

Wapi tukate? Wengi wangekata kwenye mesaji: Kahindo anasoma, anashika kichwa, muziki. Ni mapema mno, juu hajafanya kitu bado, shida tu ndiyo imemfikia. Wengine wangekata mkono ukiwa juu ya sanduku: atachukua ao hatachukua? Ni afazali, lakini mtazamaji anajua kwamba atachukua, maana asipochukua hakuna hadithi. Swali ambalo kila mtu anajua jibu lake halimshiki mtu wiki nzima.

Mimi ningekata mbele kidogo. Kahindo anachukua 400, anazituma kwa telefone, anafunga sanduku. Ndani zimebaki 120. Mlango unagongwa, na tunasikia sauti ya Mama Kavira, amekuja siku moja mbele: "Hodi, mwanangu, uko?" Hapo kata. Sasa hakuna kitu tulichofichwa. Tunajua nani yuko nje, tunajua ndani ya sanduku muna ngapi, tunajua mtoto anangoja. Uchaguzi umefanyika na bei yake bado haijalipwa. Mlango ni ule ule wa seri yetu ya jumapili, lakini huu una uzito, juu tunaogopa pamoja na Kahindo.

Kuna namna rahisi ya kupima. Onyesha epizodi kwa watu watatu ambao hawakusoma senario, kisha uliza: "Unataka kujua nini?" Wakijibu "nione kitatokea nini", umekata hewa. Wakijibu "Mama Kavira atahesabu?", umepata. Na wakianza kubishana kama Kahindo alifanya vizuri ao vibaya, usiguse tena.

Lakini kazi nusu iko kwenye epizodi ya ine. Hapa seri zetu zinaanguka sana, na mara nyingi ni kwa udanganyifu. Mama Kavira anaingia, anasema amepita kusalimia tu, anaenda. Mtazamaji anaona alichezewa, na mara ya pili ukimpigia hodi hataruka. Ukiuliza swali, jibu ndani ya dakika ya kwanza, na jibu lako lifanye mambo yawe magumu zaidi. Mama Kavira anaingia, haombi pesa. Anatoa dola 40 kwenye kitambaa: "Nimekopa hizi kwa shemeji yangu, ziweke pamoja na zingine, kwangu haziko salama." Anamwamini! Kahindo anafungua sanduku akilikinga na mgongo. Hatukudanganywa, hofu ilijibiwa, na sasa Kahindo anabeba mzigo mkubwa kuliko wa jana.

Wale waliosikiliza Radio Tanzania tangu 1993 wanajua ginsi Twende na Wakati ilivyofanya na Mkwaju, dereva wa lori, na bibi yake Tunu. Mchezo ulikuja mara mbili kwa wiki, kwa miaka. Kilichowashika wasikilizaji ni kumfahamu Mkwaju: tabia yake ilikuwa inampeleka mahali ambapo wao walikwisha kuona, naye bado. Tunu alipomwacha na kuanza biashara yake ndogo, watu walikuwa wamemngojea kwa muda mrefu. Kishindo cha mlango kingeleta nini pale?

Neno moja kwa wenzetu wa Beni hasa. Nimeona epizodi zinazoishia na mlio wa risasi usiku, picha nyeusi, basi. Kiufundi inashika, siwezi kukataa. Lakini tangu oktoba 2014 kuna familia kule ambazo zilisikia mlio huo na zikangoja asubuhi ili kujua nani amebaki. Mtazamaji wa hivyo hangojei epizodi yako, anangoja jambo lingine kabisa, nawe umemrudisha pale kwa ajili ya hesabu ya watazamaji. Sisemi tusizungumze vita. Rwanda, Musekeweya ilianza kusikika kwenye radio 2004, miaka kumi tu baada ya mauaji ya kimbari, na iliweka chuki yote kwenye vilima viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro. Watu walisikiliza kilima cha wengine na kuona cha kwao. Ukitaka risasi, weka uchaguzi wa mtu mbele yake, na ukate pale: yule kijana anayejua njia, je, ataionyesha?

Na kitu cha mwisho, cha kawaida sana: msitoe epizodi ya kwanza mbele ya kumaliza kupiga tatu. Moto unakatika, akta anasafiri kwenda Kampala, kamera inaombwa kwa ndoa. Kahindo akikaa mlangoni wiki tano, hata mimi nitakuwa nimesahau kama ilibaki 120 ao 210.