Ki-kare ya mkono: hesabu karibu sawa, hukumu kinyume

Wandugu, leo tuchambue kurasa mbili tu za tefese moja, zile za ki-kare iliyopigwa kwa mkono. Mwenyewe alikubali niziandikie. Namba nimezibadilisha kusudi asijulikane, lakini makosa ni yaleyale. Direkta wa kazi alipiga saini chini ya ukurasa bila kuuliza kitu. Na mimi nasema: hesabu yenyewe ilikuwa karibu sawa, lakini hukumu ya mwisho ilitoka kinyume kabisa.

Swali la kazi lilikuwa zuri. Katika kartie moja kando ya ziwa Kivu, je, fasi nyumba inachota maji ya kunywa ina uhusiano na mtoto kuhara katika majuma mawili yaliyopita? Aliuliza nyumba 120, kila nyumba mara moja, na akapata hivi:

Robine: nyumba 60, kuhara 12, bila kuhara 48.
Chemchemi: nyumba 40, kuhara 14, bila kuhara 26.
Ziwa: nyumba 20, kuhara 10, bila kuhara 10.
Jumla: nyumba 120, kuhara 36, bila kuhara 84.

Kwanza tuangalie hesabu zinazotarajiwa, yaani zile tungeziona kama maji na kuhara havina uhusiano wowote. Kwa kila chumba cha tablo unazidisha jumla ya mstari na jumla ya safu, kisha unagawa kwa jumla kuu. Kwa robine na kuhara ni 60 × 36 ÷ 120, sawa na 18. Maana yake ni nyepesi: katika nyumba zote, 36 juu ya 120 ziliona kuhara, ndiyo 30%. Kama maji hayabadilishi kitu, basi hata kwenye robine tungetarajia 30% ya nyumba 60.

Mwandishi alielewa hiyo. Upande wa kuhara aliandika 18, 13 na 6. Upande wa bila kuhara 42, 28 na 14. Sasa, mtu anayesahihisha hana haja ya kurudia hesabu zote sita. Ajumlishe tu. Hesabu zinazotarajiwa lazima zitoe jumla zilezile za pembeni kama zile zilizoonekana. Hapa 18 + 13 + 6 inatoa 37, lakini tunatafuta 36. Mstari wa chemchemi nao, 13 + 28, unatoa 41 fasi ya 40. Safu yenye kosa na mstari wenye kosa zinakutana kwenye chumba kimoja, na kosa liko palepale. Kumbe kwenye karatasi ya kwanza aliandika vizuri 40 × 36 ÷ 120 = 12; wakati wa kunakili kwenye tablo, 2 ikageuka 3. Ndiyo uzuri wa hesabu ya mkono: njia yote inaonekana, na kosa linaacha alama.

Kosa hilo lilikula kiasi gani? Kwa kila chumba tunatoa inayotarajiwa kwenye iliyoonekana, tunaweka mraba, tunagawa kwa inayotarajiwa. Kwa 13 yake alipata jumla ya 6,887. Kwa 12 sahihi, vyumba vya robine vinatoa 2,857, vya chemchemi 0,476 na vya ziwa 3,810. Jumla ni 7,143. Tofauti ni ndogo, na peke yake haingebadilisha hukumu.

Lililobadilisha hukumu ni mstari mmoja mfupi chini yake: "digrii za uhuru = 6 − 1 = 5". Ana vyumba sita, akatoa kimoja. Kwenye tablo ya ki-kare, kwa 5% na digrii 5, alisoma 11,070. Akaandika: 6,887 ni ndogo kuliko 11,070, basi tunakubali dhana sifuri, maji hayana uhusiano na kuhara.

Juu ya nini 5 si sahihi? Chukua tablo, acha jumla za pembeni tu, futa vyumba vyote. Sasa andika 12 kwenye robine na kuhara, na 14 kwenye chemchemi na kuhara. Ziwa na kuhara haina tena uhuru: lazima iwe 10, kwa sababu safu inatakiwa kufika 36. Na vyumba vya bila kuhara vyote vinajijaza vyenyewe kutoka 60, 40 na 20. Umechagua namba mbili tu, zingine zimefungwa. Kwa hiyo digrii ni 2, sawa na (3 − 1) × (2 − 1). Kumbuka kutohesabu mstari wala safu ya jumla kama sehemu ya tablo. Hilo nalo ni kosa la kila mara.

Ile kanuni ya "vyumba kutoa kimoja" ipo kweli, ila ni ya swali lingine: mstari mmoja wa namba unaolinganishwa na mgao uliojulikana tangu mbele, sawa vile kuangalia kama dadu ya pande sita ni ya haki. Tena kosa hili lina wazee wake. Karl Pearson, aliyeleta jaribio hili mwaka 1900, alihesabu vivyo hivyo hata kwa tablo za mistari na safu. Ni Ronald Fisher aliyesahihisha mwaka 1922, na Pearson hakukubali. Basi tusimcheke mwanafunzi. Tumuulize direkta aliyepiga saini miaka mia moja nyuma ya Fisher.

Kwa digrii 2 na 5%, tablo inasema 5,991. Na 7,143 inapita. Hata 6,887 yenye kosa ilipita! Dhana sifuri inakataliwa. Na hapa si mchezo wa juri tu: sura yake ya mwisho ilishauri komite ya kartie iweke nguvu kwingine, maji hayana shida. Ushauri huo ulisimama juu ya 5 ile.

Na neno "tunakubali" lingebaki na kasoro hata kama digrii zingekuwa sawa. Ki-kare ikiwa ndogo, tunasema hatukupata sababu ya kukataa. Hatujathibitisha kwamba uhusiano haupo.

Upande mwingine, tusikimbie mbali. Jaribio halisemi kwamba maji ya ziwa ndiyo yanaleta kuhara. Nyumba zinazochota ziwani zinaweza kuwa pia bila choo kizuri. Halafu hesabu ndogo inayotarajiwa ni 6, juu kidogo ya 5 tunayodai kwa kawaida. Kanuni hiyo inaangalia zinazotarajiwa, si zilizoonekana. Na kwa kizingiti cha 1% tablo inadai 9,210, tusingekataa. Kizingiti kinaandikwa mbele ya kuhesabu, hakitafutwi nyuma.

Kwa hiyo sentensi ya kuandika fasi ya ile ya zamani ni hii: kwa ki-kare ya 7,143, digrii 2, kizingiti cha 5%, fasi ya kuchota maji na kuhara vina uhusiano, nyumba zilizoona kuhara ni 20% kwenye robine, 35% kwenye chemchemi na 50% ziwani, na zaidi ya nusu ya ki-kare inatoka kwenye mstari wa ziwa. Komite ya kartie ikisoma hiyo, itajua fasi ya kuanza kuuliza.