Filamu Iliyotufundisha Kuogopa Shoti

Ukitaja tiba ya mshtuko wa umeme mbele ya watu, wengi wanaona picha moja: mtu amelazwa, ameshikwa na wanaume kadhaa, anapigwa shoti huku akijinyonganyonga. Picha hiyo kwa sehemu kubwa imetoka kwenye One Flew Over the Cuckoo's Nest, filamu ya mwaka 1975 ya Miloš Forman. Nimeirudia wiki hii. Nadhani inakosea kuhusu tiba yenyewe, lakini kuna jambo moja imelipata sawasawa, nalo ndilo watetezi wa tiba hii hulisahau.

Tuanze na makosa. Mhusika mkuu, McMurphy, anapelekwa chumbani baada ya vurugu wodini. Anapakwa dawa kwenye panja, anawekewa kinga ya meno, na umeme unapita akiwa macho. Hadithi inatokea mwaka 1963, wakati dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli zilikuwa zimeshaanza kutumika kwenye tiba hii tangu miaka ya 1950, ingawa si kila hospitali ilizitumia.

Leo, inapofanywa ipasavyo, mgonjwa halali usiku na kushinda njaa ili ateswe. Anafunga kula kama mtu anayesubiri upasuaji, kwa sababu daktari wa usingizi atamlaza kwa dakika chache. Kabla ya dawa ya kulegeza misuli kuingia, kifundo cha mguu mmoja hufungwa mkanda wa kupimia presha na kubanwa, ili dawa isifike kwenye unyayo. Umeme unapita sekunde chache tu. Kinachotibu ni degedege inayotokea kwenye ubongo, kwa kawaida chini ya dakika moja. Mwili umetulia, unyayo ule tu ndio unaotikisika, na daktari anautazama pamoja na mashine ya mawimbi ya ubongo kujua degedege imeanza na kuisha lini. Zamani, bila dawa hizo, misuli ilijikaza hadi watu wakavunjika mifupa ya uti wa mgongo.

Na nani anapewa? Si mkorofi wa wodini. Chukua mfano wa mama wa miaka 60 mwenye sonona kali: ameacha kula na kunywa, anaamini matumbo yake yameoza, na dawa mbili zimeshindwa. Dawa nyingine ingehitaji wiki kadhaa, na yeye hana wiki kadhaa. Hapo ndipo tiba hii hufikiriwa, na pia kwa mtu aliyeganda, haongei wala hasogei, hali iitwayo katatonia. Kwa kawaida ni mara mbili au tatu kwa wiki, jumla kama mara sita hadi kumi na mbili.

Vipi kuhusu “atageuka zezeta”? Hebu itazame filamu vizuri. Baada ya shoti, McMurphy anarudi wodini akiigiza uzezeta, kisha anawacheka wenzake. Kinachommaliza mwishoni ni upasuaji wa ubongo, jambo tofauti kabisa. Watazamaji wameunganisha matukio mawili yakawa moja.

Lakini tusidanganyane. Mgonjwa akiamka anaweza kuchanganyikiwa kwa muda na kuumwa kichwa. Anaweza kupoteza kumbukumbu za wiki au miezi ya karibu na tiba, na kwa baadhi ya watu mapengo hayo hayazibiki. Tena, bila dawa za kuendeleza nafuu, wengi huugua upya ndani ya miezi sita. Anayekuambia haina madhara anakudanganya kama anayekuambia inaua akili.

Sasa, filamu imepatia wapi? Hakuna anayemuuliza McMurphy. Hilo ndilo linalotisha, kuliko hata umeme. Ridhaa si sahihi moja kwenye fomu: mgonjwa aelezwe faida, hatari za kumbukumbu na njia mbadala, na ajue anaweza kusema “basi” hata baada ya mara ya tatu. England na Wales, kwa mfano, sheria inasema mtu mwenye uwezo wa kuamua akikataa hapewi, isipokuwa kwa dharura. Kama hana uwezo huo, daktari mwingine wa nje lazima athibitishe kwamba tiba inafaa na kwamba mgonjwa hakuikataa mapema, alipokuwa na akili timamu.

Kwa hiyo daktari anayesema “hiyo ni sinema tu” anajibu nusu ya swali. Dawa ya usingizi iliondoa mifupa iliyovunjika. Haikumwondolea mgonjwa hofu ya kutoulizwa. Ndugu yako akipendekezewa tiba hii, uliza kuhusu daktari wa usingizi, halafu uliza: yeye mwenyewe ameelezwa nini, na amejibu nini?