Tatu, Nne, Tano

Fundi anayefika kwenye kiwanja kitupu kwenda kuseti nyumba hana kifaa cha kupimia pembe. Ana tepu mbili, bunda la kamba ya nailoni, nyundo, timazi, misumari na vigingi. Vyote hivyo ama vinapima urefu ama vinanyoosha mstari, na hakuna hata kimoja kinachojua nyuzi 90. Lakini kabla ya jua kuwa kali kona nne zinakuwa zimekaa, na nyumba nzima, tangu mtaro wa msingi hadi bati la mwisho, itazifuata. Katika kazi zote za ujenzi hii ndiyo ninayoiheshimu zaidi, kwa kuwa pembe inapatikana kwa urefu peke yake, kisha inahojiwa kwa urefu mwingine.

Shuleni kanuni ya Pithagorasi huanzia kwenye pembe mraba: ukishakuwa nayo, ndipo unatafuta upande wa tatu. Fundi anaishika kutoka mwisho wake. Anazilazimisha pande tatu ziwe 3, 4 na 5, na pembe mraba inajitokeza yenyewe, haina pa kukwepea. Hilo nalo lina uthibitisho wake. Ni hoja ya 48, ya mwisho kabisa, katika kitabu cha kwanza cha Misingi ya Euklidi, kilichoandikwa karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Mafundi wengi ninaowafahamu hawajawahi kulisikia jina la Euklidi, ila hoja yake wanaitumia kila wanapofungua kiwanja.

Tuchukue nyumba ya mita 12 kwa 8. Fundi anaanza na mstari wa mbele, ambao anaupima kutoka kwenye bikoni ili nyumba iheshimu mipaka ya kiwanja. Anapigilia kigingi kona ya kushoto, tuiite A, na kingine mita 12 kulia kwake, B. Juu ya kila kigingi kuna msumari, na kipimo ni cha msumari, maana kichwa cha kigingi ni kipana na kinaweza kula sentimita mbili bila mtu kuona. Kamba inavutwa kati ya misumari hiyo mpaka ilie ukiigusa.

Sasa kona ya A. Kwenye kamba ya mbele anatia alama mita 8 kutoka A. Kijana mmoja anashika sifuri ya tepu kwenye msumari wa A, mwingine anashika sifuri ya tepu ya pili kwenye ile alama. Fundi anazivuta zote mbili kuelekea nyuma ya kiwanja na kuzikutanisha: 6 kwenye tepu ya kwanza, 10 kwenye ya pili. Pale zinapokutana anapigilia kigingi. Kamba kutoka A ikipita juu ya msumari wake na kuendelea hadi mita 8, inampa kona ya nyuma, D.

Mbona 6, 8 na 10, wakati jina la njia ni tatu, nne, tano? Uwiano ni ule ule, ila pembetatu kubwa husamehe zaidi. Tuseme tepu imelegea kidogo na ule upande mrefu umekosewa kwa sentimita 1. Kwa pembetatu ya mita 3, 4 na 5, kosa hilo likifika mwisho wa ukuta wa mita 12 limekuwa sentimita 5. Kwa 6, 8 na 10 linakuwa sentimita 2 na nusu. Wako wanaotengeneza skwea ya mbao ya sentimita 60, 80 na 100, wakaiweka kwenye kona na kuiamini. Sentimita 1 kwenye skwea hiyo ni sentimita 25 mwisho wa ukuta. Skwea ya namna hiyo inafaa kwa kona za ndani, haifai kuseti nyumba.

Kona ya nne, C, inapatikana kwa mita 12 kutoka D na mita 8 kutoka B. Hapo fundi mzuri hashangilii, anaita tepu ndefu apime kona kwa kona, yaani mishazari. Anajua tayari anatafuta nini: 12 mara 12 ni 144, 8 mara 8 ni 64, jumla 208, na kipeuo chake cha pili ni mita 14.42. Tuseme A hadi C inasoma 14.48, na B hadi D 14.36. Pande zote nne ni sahihi, lakini mishazari imepishana kwa sentimita 12. Basi umbo lililolala pale chini ni msambamba ulioinama kulia.

Tiba yake ni ya utaratibu. Mstari wa mbele hauguswi. C na D zinasogezwa pamoja kuelekea kushoto, upande unaoufupisha ule mshazari mrefu, na mita 12 kati yao inabaki vile vile. Wengi husogeza nusu ya tofauti, yaani sentimita 6, na mishazari inabaki imepishana kwa kama sentimita 2. Wanasogeza tena 1 na kitu, inafunga. Anayesogeza kigingi kimoja tu anaharibu urefu wa pande mbili ili kuuponya mshazari mmoja.

Uko mtego ambao umewapata hata wenye uzoefu. Mishazari kuwa sawa, peke yake, haithibitishi mstatili. Mbele ikiwa mita 12.00 na nyuma 11.80, nyuma ikipungua sentimita 10 kila upande, mishazari italingana kabisa na umbo litakuwa trapeza. Kwa hiyo pande zinazotazamana hupimwa kwanza, kisha mishazari. Zote zikikubali, hakuna umbo lingine linalobaki isipokuwa mstatili.

Mteremko nao unadanganya. Kwenye vilima vya Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam, mita 8 za kiwanja zinaweza kushuka mita nzima. Ukilaza tepu juu ya ardhi utasoma 8, ilhali kwa usawa umepata 7.94. Tepu inashikwa usawa, na timazi inateremshwa kutoka ncha yake hadi kwenye kigingi cha chini; pakiwa na mteremko mkali, kipimo kinakatwa vipande vifupi vifupi.

Vigingi vyenyewe havikai, vinaondoka na jembe mtaro unapochimbwa. Ndiyo maana kamba zinahamishiwa kwenye profaili, mbao zilizosimamishwa mita moja au zaidi nje ya mtaro, zenye misumari ya upana wa msingi na ya upana wa ukuta. Zege la msingi likishakauka, kamba zinarudishwa kwenye misumari, timazi inashushwa pale zinapokatana, na kona zinachorwa juu ya zege. Mishazari inapimwa tena hapo, kwa sababu kuna profaili zilizogongwa na toroli au kukaliwa na vibarua wakipumzika. Msingi ni mpana kuliko ukuta, hivyo sentimita mbili bado zinaweza kurekebishwa. Kozi za tofali zikishapanda, sentimita hizo atazikuta fundi wa marumaru, kipande cha ukutani kikianza na upana wa kiganja na kuishia kama ukucha, na baada yake fundi wa bati, paa likitokeza zaidi upande mmoja wa ukuta kuliko mwingine.