Februari Yenye Alhamisi Tano

Februari ya mwaka 2025 ilipofungwa, wafanyabiashara wengi walilinganisha mauzo na ya Februari iliyotangulia wakaona yameshuka kwa asilimia tatu hivi. Wapo waliokasirikia wauzaji wao. Mhasibu anayejua kazi yake huanza na kalenda: mwaka 2024 ulikuwa mrefu, Februari yake ilikuwa na siku 29, na hiyo ya ziada ilikuwa Alhamisi.

Wengi wakishaligundua hilo huishia kugawa mauzo kwa idadi ya siku, wakaridhika. Hapo ndipo ufundi unapoanzia, maana siku hazilingani uzito. Tuchukue duka la vyakula linalofunguliwa kila siku. Jumatatu hadi Alhamisi linauza shilingi milioni moja kwa siku, Ijumaa milioni 1.4, Jumamosi milioni mbili, na Jumapili laki sita tu. Wiki nzima ni milioni nane. Tuseme biashara haikupanda wala kushuka hata senti. Februari 2025 ni wiki nne kamili, yaani milioni 32. Februari 2024 ni hizo hizo wiki nne pamoja na Alhamisi moja, milioni 33. Kwa hesabu ya jumla duka limeshuka kwa asilimia 3. Ukigawa kwa siku, wastani unatoka milioni 1.138 kwenda 1.143, na ghafla duka “limekua” kwa asilimia 0.4. Ukuaji huo haupo. Umezaliwa kwa sababu Alhamisi iliyoondoka ilikuwa nyepesi kuliko siku ya wastani.

Mhasibu ninayemwonea fahari hapimi hivyo. Huchukua ripoti za Z ambazo mashine ya risiti hutoa kila jioni, akapanga Jumatatu zote pamoja, Jumanne zote pamoja, hadi apate uzito wa kila siku ya wiki. Miezi miwili mitatu haimtoshi, kwa kuwa Jumamosi iliyoangukia siku ya mishahara inaweza kuipotosha safu nzima. Akishapata uzito, hukadiria kila mwezi ungepaswa kuleta kiasi gani kwa kasi ile ile, kisha hulinganisha mauzo halisi na makadirio hayo. Duka letu likiuza milioni 32.5 Februari 2025, jumla inasema limeshuka kwa asilimia 1.5. Yeye anaona limepata nusu milioni zaidi ya ilivyotarajiwa, na huo ndio ukuaji.

Machi inapendeza zaidi, kwa sababu katika miaka yote miwili ina siku 31 na anayehesabu siku tu haoni tatizo. Machi 2024 ilianza Ijumaa, kwa hiyo ilikuwa na Ijumaa, Jumamosi na Jumapili tano tano. Machi 2025 ilianza Jumamosi: Ijumaa ya tano ikatoka, Jumatatu ya tano ikaingia. Duka letu linapoteza laki nne bila mteja hata mmoja kubadili tabia. Tena Pasaka ya 2024 iliangukia Machi 31, ya 2025 ikasogea hadi Aprili 20. Uzito wa siku za wiki hauwezi kulitibu hilo. Sikukuu huwekwa kando na kupimwa peke yake, na Ramadhani vilevile, kwa kuwa hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka.

Ofisi za takwimu zina shida kubwa zaidi, kwani mara nyingi hupokea jumla ya mwezi tu, bila mauzo ya kila siku. Programu ya X-13ARIMA-SEATS ya Ofisi ya Sensa ya Marekani hutazama miaka mingi ya miezi, ikihesabu kila mmoja ulikuwa na Jumatatu ngapi na Jumapili ngapi, na kutokana na tofauti hizo hukisia kila siku huleta nini. Februari huipima dhidi ya siku 28.25, wastani wa Februari nne mfululizo. Inahitaji miaka kadhaa ya data; ikipewa michache, uzito inaotoa hauaminiki.

Njia ya mkato ipo, nami naipenda: rudi nyuma siku 364, ambazo ni wiki 52 kamili. Februari 2025, Jumamosi ya tarehe 1 hadi Ijumaa ya tarehe 28, inalinganishwa na Jumamosi ya Februari 3 hadi Ijumaa ya Machi 1, 2024. Siku zinakaa sawa. Ila tarehe 1 na 2 Februari 2024, wakati watu wana mishahara mfukoni, zimebaki nje, na Machi 1 imeingia. Kwa duka linalotegemea mwisho wa mwezi, hilo si dogo.

Mhasibu mzuri anajua pia pa kutogusa. Pango la duka ni la mwezi, liwe la siku 28 au 29, na kulisawazisha kwa siku ni kuchafua hesabu. Riba inayohesabiwa kwa siku ilikula siku moja zaidi mwaka 2024, kwa hiyo huisawazisha. Katika ripoti yake, mauzo halisi hubaki mstari wa juu na yaliyosawazishwa chini yake, kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani hulipwa kwa mauzo halisi.