Jibu Linapohama Lugha: Uhakiki Mfupi

Jibu la modeli ya lugha linapoanza kwa Kiswahili na baadaye kuhamia Kifaransa, wengi husema kuwa modeli haijui Kiswahili. Hoja hiyo haitoshi, kwa kuwa modeli hiyohiyo ilikwisha kujibu vema mara mbili au tatu.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kilembwe, katika eneo la Fizi, ambako Kibembe na Kiswahili husemwa nyumbani na Kifaransa hutumika katika makaratasi. Anaandika: "Shamba yangu ya mihogo, majani inajikunja na iko na madoa ya manjano. Ni ugonjwa gani?" Anajibiwa kwa Kiswahili kuhusu batobato. Kisha anabandika kurasa mbili za kijitabu cha Kifaransa na kuongeza: "Na sombe yake?" Jibu linakuja kwa Kifaransa.

Modeli hukisia kila neno kutokana na matini yote yaliyotangulia. Hapa maneno matatu ya Kiswahili yamefunikwa na mamia ya Kifaransa. Pasipo Kifaransa, mara nyingi mvuto ni wa Kiingereza: karibu asilimia 90 ya matini yaliyofunza Llama 2, iliyotolewa mwaka 2023, yalikuwa ya lugha hiyo. Tena sentensi ya kwanza iliyopotoka huingia katika matini ya kukisia sentensi inayofuata. Ndiyo maana kosa lililoachwa hujizalisha.

Kutokana na hayo, agizo lililowekwa mwanzoni mwa mazungumzo marefu ni dhaifu. Mwalimu wetu aliandike upya chini ya kijitabu, mwisho kabisa: "Jibu kwa Kiswahili. Maandishi ya juu ni ya kusomwa tu." Jibu lililokwisha kupotoka lisikemewe kwa ujumbe mpya, ni afadhali kurudi kwenye swali, kulirekebisha, na kuliacha jibu lile lifutike. Marchisio na wenzake (2024) wameonyesha pia kwamba kutanguliza mifano ya maswali na majibu katika lugha inayotakiwa, na kupunguza kiwango cha bahati nasibu katika uteuzi wa maneno, hupunguza mkanganyiko huu.

Lipo hata hivyo jambo ambalo watengenezaji hulipuuza. Ukiagiza "Kiswahili sanifu", jibu halitahama, lakini sombe itageuka kisamvu, na mwalimu atasomewa Kiswahili cha Dar es Salaam. Afadhali agizo lenyewe liandikwe kwa Kiswahili cha Fizi. Vivyo hivyo, kipimo kinachohesabu maneno ya kigeni kitamhukumu Mkongomani asiye na kosa, kwa sababu biro na avioni ni maneno yake ya kila siku. Mhakiki atazame kitenzi. Penye "tunapeleka ripoti ku biro", viambishi tu- na -na- vingali mahali pake, na sentensi ni ya Kiswahili. Kitenzi kikija na mnyambuliko wa Kifaransa, hapo ndipo jibu limehama, hata kama mstari mzima umepambwa kwa maneno ya Kiswahili.