Kochi, Meza na Visigino

Kuna picha ya aina moja inayozunguka kila wiki kwa jina la sebule ya kisasa: kochi la kijivu, zulia la manyoya, na meza ya kahawa yenye uso wa marumaru bandia iliyosogezwa mpaka inakaribia kugusa mto. Watu wanasifu, wanauliza bei na rangi nyingine zilizopo. Hakuna anayeuliza magoti yatakwenda wapi. Mpiga picha aliisogeza meza ili vitu vyote viingie kwenye fremu, na muuzaji hana sababu ya kulisema hilo. Mnunuzi naye anapanga nyumbani kwake kama alivyoona, kisha anashangaa kwa nini wageni wanakaa upandeupande kama abiria wa daladala.

Kipimo chenyewe si siri. Julius Panero na Martin Zelnik, Wamarekani wawili walioandika mwaka 1979 kitabu kinachotumiwa sana cha vipimo vya mwili na nafasi za ndani, waliweka kati ya sentimita 40 na 46 hivi kutoka kochi hadi meza. Nakubaliana nao, ila namba hiyo ni ya magoti na mikono tu. Mtu anayepita na sinia mbele ya waliokaa anahitaji sentimita 75 au zaidi, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanataka uwazi mmoja ufanye kazi zote mbili, wanaweka 60, na wanakosa kote kuwili. Kwenye 60, aliyeegemea hawezi kuchukua kikombe bila kuutoa mgongo wote kwenye kochi na kuinama. Macho yanashuka na sentensi aliyokuwa akiisikiliza inampita. Anayepita naye bado anawakanyaga watu vidole. Mazungumzo hayavunjwi na sura kuwa mbali kidogo. Yanavunjwa na kuinama huku kila baada ya funda mbili. Kwa hiyo uwazi wa mbele ya kochi uwe wa waliokaa, na njia itafutiwe mahali pengine. Hilo ndilo neno langu lote, na mengine ni namna ya kulitekeleza.

Sasa jambo ambalo asiyejua haliangalii kamwe: chini ya kochi. Mtu hainuki kwa magoti, anainuka kwa visigino. Jaribu ukiwa umekaa: huwezi kusimama mpaka uirudishe miguu nyuma ya magoti, sentimita kumi hivi, kisha uinamishe kifua mbele. Kochi lenye miguu na uwazi chini yake linavipa visigino nafasi ya kurudi. Kochi lililofunikwa kwa mbao au kitambaa mpaka sakafuni halitoi nafasi hiyo, kwa hiyo mwenye kuinuka hujisogeza kwanza hadi ukingoni mwa mto, na magoti yake yanasonga mbele kwa kiasi kilekile alichonyimwa nyuma. Sentimita 40 zinazotosha mbele ya kochi la kwanza zinakuwa mtego mbele ya la pili, na la pili nalipa 50 bila kujadiliana. Sponji nayo inahesabika. Ikiwa laini mno, makalio yanazama, magoti yanapanda juu ya nyonga, na mzee wa watu anatafuta mahali pa kushika. Anashika meza. Ukiona meza nyumbani kwa mtu imehama na kuacha mashimo ya zamani ya miguu yake kwenye zulia, umepata ushahidi wote unaouhitaji.

Fundi hodari anajulikana kwa mahali anapoweka futi. Aliyesomea kwa kuangalia anapima kutoka mbao ya chini ya kochi hadi mguu wa meza, anapata 45, anafurahi. Lakini mto umejitokeza mbele ya mbao, na uso wa meza umejitokeza nje ya mguu, na kati ya hizo mbili zimepotea sentimita nane au kumi. Fundi wa kweli anapima kutoka mdomo wa mto hadi ukingo wa meza, tena mtu akiwa amekaa. Mjanja wa dukani ana njia yake: anakukalisha kwenye kochi lililo peke yake katikati ya ukumbi mpana, meza imewekwa kando, ili usigundue kwamba vitu viwili hivyo havitoshani kwenye sebule yako. Mwambie asogeze meza uone atakavyokumbuka simu ya kupokea.

Chukua chumba cha kawaida cha mita 3 kwa mita 3.6. Ukiweka makochi mawili yakitazamana, kila moja lenye kina cha sentimita 90, kati yake zinabaki 120. Meza ya upana wa 60, ambayo ndiyo wengi wananunua kwa kuwa iko dukani, inaacha 30 kila upande, na 30 ni ya picha tu. Meza ya 40 inaokoa mambo, ila bila njia yoyote ya kupita. Bora kochi moja liegemee ukuta mrefu, lingine lichukue pembe, na televisheni ikae mkabala. Hesabu inakuwa hivi: kochi 90, uwazi 43, meza 50, kabati la televisheni 40. Zinabaki 77, nazo ziko upande wa pili wa meza, ambako mtu anapita bila kumgusa yeyote. Meza hiyohiyo ikiwa na upana wa 70, njia inabaki 57 na watu watarudi kupita mbele ya magoti. Kwa maana hiyo meza inanunuliwa mwisho, baada ya uwazi kujulikana. Urefu wake uwe theluthi mbili ya kochi. Sina hoja ya kukupa, jicho linataka hivyo.

Wapo watakaosema kwamba vipimo hivi ni vya watu wanaokunywa kahawa kwa vikombe vidogo, na sisi sebuleni tunakula. Wana haki. Ugali na mchuzi vinataka meza iwe karibu, sentimita 25 au 30, la sivyo zulia ndilo litakalokula. Tena kabla ya chakula kuna mtu wa kunawisha, mwenye jagi na beseni, ambaye lazima asimame mbele ya kila mgeni, na kwenye 43 hana pa kuweka miguu. Lakini hoja hii haipingani na kipimo; inapinga meza isiyosogezeka. Meza inayoinuliwa na mtu mmoja inasukumwa mbali wakati wa kunawa, inavutwa wakati wa kula, inarudi 43 wakati wa chai. Jiwe la kilo 60 linakaa lilipowekwa na kuwalazimisha watu walizunguke. Waliotutangulia walilijua hili na stuli zao: zilichomekwa moja ndani ya nyingine kwenye kona, kila moja na kitambaa chake kilichofumwa kwa kroshia, na mgeni akiingia inachomolewa moja na kuwekwa karibu na mkono wake wa kulia. Hapakuwa na umbali wa kubishania. Leo stuli zinaitwa za kizamani na wenye kusifu jiwe, ambao wageni wao wanashika sahani mapajani.

Kuhusu meza za kioo, siziweki. Ukingo wake hauonekani, na ukingo usioonekana hukutana na ugoko wa mtu taa zikikatika.